Ameacha Vidonge au Ameongeza? Daftari la Mkalimani Mbele ya Daktari

Maneno haya niliyasema Dodoma, mbele ya wakalimani wanaoanza kazi. Nimeyaandika karibu kama yalivyotoka mdomoni.

Ndugu zangu, hamjambo. Samahani kwa vumbi nililoingia nalo. Upepo wa Dodoma haumheshimu mtu aliyepiga pasi.

Nimeombwa nizungumzie ukalimani wa Kifaransa kwenda Kiswahili kliniki, ule wa kufuatana: mgonjwa anasema mpaka anatua, ndipo wewe unaanza. Ningeweza kuwapitisha kwenye kila kitu, ila mngetoka hapa na daftari limejaa na kichwa kitupu. Kwa hiyo nitawasimulia maelezo ya mgonjwa mmoja tu, yaliyochukua kama dakika tatu, na jinsi nilivyoyaharibu. Kliniki siitaji, na mambo ya mgonjwa nimeyabadilisha kiasi kwamba hata angekuwa amekaa hapa mbele asingejitambua.

Alikuwa mama wa Kinshasa, mumewe amepata kazi hapa mjini. Mapokezi walikuwa wamemwandika kuwa ni Mkongo, kwa hiyo Kiswahili anajua. Mkongo wa Goma, wa Bukavu au wa Lubumbashi, sawa, Kiswahili anacho, ingawa kina mambo yake. Wa Kinshasa amekulia kwenye Kilingala na Kifaransa. Yule mama alikuwa na miezi minne hapa, na Kiswahili chake kilikuwa cha soko la Majengo: bei gani, punguza, asante. Ndiyo maana niliitwa dakika ya mwisho, nikaingia chumbani nikihema, na feni ya juu inapiga kelele kama mashine ya kusaga.

Daktari, kijana mpole, akauliza swali moja: "Mama, hebu nieleze, tatizo lilianza lini na umetumia dawa gani mpaka sasa?" Mama akavuta pumzi, akaanza. Sikumkatiza, na hilo halikuwa kosa. Mtu aliyekaa miezi minne bila kueleweka, ukimkata baada ya sentensi mbili, habari iliyobaki anaimeza.

Alisema hivi, nami nawapa kiini chake. Miaka mitatu iliyopita, akiwa Kinshasa, baada ya kujifungua mtoto wa mwisho, walimpima presha wakakuta *seize dix*. Wakampa amlodipini ya miligramu 5, kidonge kimoja kila asubuhi, saa *sept heures*. Akatumia vizuri. Walipohamia huku miguu ikaanza kujaa jioni, mpaka viatu vinakataa. *Alors le comprimé, j'en prends plus, depuis quinze jours.* Tangu Jumapili kichwa kinamuuma kisogoni, ana kizunguzungu, na asubuhi *j'ai mal au cœur*. Anaogopa, kwa sababu *ma tante* alikuwa na presha, naye aliacha vidonge, akapata kiharusi. Jana alipita duka la dawa wakampima: *dix-huit onze*. Akanyamaza, akanitazama.

Daftari langu lilikuwa limejaa ukurasa mzima na nusu. Sentensi zake mbili za mwanzo nilikuwa nimeziandika karibu zote, neno kwa neno, kama mwanafunzi anayeandikiwa imla. Jina la mtaa wa Kinshasa alikojifungulia lilikuwepo, zuri kabisa, na daktari hakulihitaji. Kuanzia katikati, mkono ukiwa umechoka na sikio limebaki nyuma, palikuwa na maneno yaliyotawanyika: miguu, dawa, mshale wa kwenda juu, wiki mbili, kichwa.

Nikaanza kusema Kiswahili, na nilipofika kwenye ule mshale nikasema kwa sauti ya kujiamini kabisa: "Miguu ilikuwa inajaa jioni. Vidonge, kwa wiki mbili hizi natumia zaidi."

Nawaona mnaojua Kifaransa mmeshika mdomo. Ngojeni kwanza.

Kwenye Kifaransa cha vitabuni ukanushi una vipande viwili. *Je n'en prends plus*: situmii tena. Kwenye mdomo wa watu, kile kipande cha kwanza, *ne*, humezwa, na kinachobaki ni *j'en prends plus*. Sasa kinachotenganisha "situmii tena" na "natumia zaidi" ni herufi moja ya mwisho. *S* isiposikika, ameacha. *S* ikisikika, ameongeza. Feni inalia, mama anasema kwa haraka, nami nilikuwa nimeinama namalizia kuandika habari ya viatu. Sikuisikia *s* na sikusikia kwamba haikuwepo. Nilichagua tu, bila kujua kwamba nimechagua.

Daktari akatikisa kichwa kama mtu aliyepata jibu. Hapo ndipo ninapotaka mkae nami kidogo. Amlodipini inajulikana kwa kujaza miguu, hasa vifundoni, na dozi ikipanda uwezekano wa kujaa unapanda. Kwa hiyo mgonjwa aliyeongeza vidonge na miguu yake inajaa ni habari inayoeleweka kabisa kwa daktari. Kosa langu lilikuwa na mantiki. Kosa lisilo na mantiki hujifichua lenyewe, kwa kuwa daktari anakunja uso na kuuliza. Hili lilikaa vizuri kwenye cheti, na hatua inayofuata ingekuwa kumwambia apunguze. Apunguze nini, wakati hamezi hata kimoja?

Kilichotuokoa ni desturi ya daktari mwenyewe. Akauliza: "Sasa mama, unameza vingapi kwa siku?" Nikalipeleka swali kwa Kifaransa. Mama akanitazama mimi, si daktari, na akasema: *Mais aucun. J'ai arrêté.* Hata kimoja. Nimeacha.

Nikainua mkono kidogo nikasema kwa Kiswahili: "Daktari, mkalimani anaomba kurekebisha. Nilikosea. Mama alisema ameacha vidonge tangu wiki mbili zilizopita, hakuongeza." Kisha nikamwambia mama kwa Kifaransa kuwa nimesahihisha kosa langu, na kosa lenyewe ni lipi. Daktari akapiga mstari kwenye alichoandika. Sekunde ishirini, na masikio yangu yanawaka moto. Lakini hivyo ndivyo kosa linavyorekebishwa: papo hapo, wazi, kwa lugha zote mbili, bila kulipenyeza kimyakimya kwenye jibu linalofuata.

Usiku ule nilikaa na daftari langu nikitafuta mahali ambapo ningejiokoa mwenyewe. Tuseme sikio limeshindwa, feni imeshinda. Je, ndani ya maneno yenyewe hapakuwa na kitu cha kunizuia? Kilikuwepo. *Alors.* Kwa hiyo. Miguu ilikuwa inajaa, kwa hiyo vidonge... Nani anaongeza dawa kwa sababu inamjaza miguu? Kiungo kile kidogo kilikuwa kimebeba jibu lote, nami sikukiandika. Niliandika nomino. Miguu, dawa, kichwa, nomino zimejipanga kama watu kwenye foleni wasiofahamiana.

Ningesikia upya maneno yale leo, ukurasa ungekaa hivi. Nauandika ubaoni kama ulivyo, msiucheke mwandiko.

```
miaka 3 <-   Kin, baada ya mtoto
                 tn 16/10
                 AML 5, 1 asb (7F)
ILA          hapa: miguu kujaa, jioni
K/H              AML  X   2wk
J2 ->        kichwa kisogo
                 kizung.
                 asb: kichef. (moyo?)
                 hofu
KSB          Tt? presha, vid. X -> kiharusi
jana         duka dawa  18/11
_______________________________
```

Tazameni ukingo wa kushoto. Huko naandika viungo na wakati tu: ila, kwa hiyo, kwa sababu, jana, J2 kwa maana ya Jumapili. Hakuna nomino inayoruhusiwa kukanyaga huko. Nikishusha jicho kwenye ukingo ule peke yake, napata mifupa ya habari: miaka mitatu iliyopita, ila, kwa hiyo, tangu Jumapili, kwa sababu, jana. Nyama iko kulia, inashuka kwa mshazari, kila kinachotegemea kingine kikiwa chini yake na kuingia ndani kidogo. Mistari ni mifupi. Daftari langu ni lile la kugeuzia juu, lenye waya, linalotosha kiganja, na napiga mstari wa kukata ukurasa kila msemaji anapotua ili maelezo ya jana yasije yakachanganyika na ya leo.

Na tazameni ile X. Ukanushi nauandika mkubwa, na nauandika kwanza. Nikisikia kwamba kuna "si" au "hakuna" au "tena" inakuja, kalamu inaacha chochote ilichokuwa inafanya na kuweka X, halafu ndipo nakumbuka ni X ya nini. Nikiwa sina hakika kama ni X au mshale, naweka alama ya kuuliza, na hiyo inakuwa deni. Siwezi kufungua mdomo kwa Kiswahili kabla ya kulilipa. Namgeukia mama: samahani, umeacha au umeongeza? Swali la maneno manne.

Jean-François Rozan, aliyekuwa akifundisha wakalimani Geneva, alitoa mwaka 1956 kanuni saba za kuandika, na mengi niliyowaonyesha hapa, kuanzia viungo, ukanushi, kushuka wima hadi kwenda mshazari, ni ya kwake. Yeye alitosheka na alama ishirini. Alifikiria mikutano ya wanadiplomasia. Mimi kliniki natumia sita au saba, na kijana atakayekuja kwangu na alama mia moja alizobuni mwenyewe nitamwambia azisome mbele yangu baada ya saa moja tuone ngapi anazikumbuka.

Kuna swali nimeulizwa pale mlangoni: kuandika kwa Kifaransa au kwa Kiswahili? Mimi naandika Kiswahili kadiri ninavyoweza. Si kwa uzalendo. Ni kwamba ukiandika *cœur* kwenye daftari, unapofika hapo unatafsiri neno, na ukitafsiri neno unasema "moyo". *J'ai mal au cœur*, kwa Kifaransa cha kila siku, ni kichefuchefu. Moyo haumo. Mwambie daktari kwamba mgonjwa mwenye presha ya juu anaumwa na moyo, na utaona jinsi anavyosimama. Ukilazimika kuandika "kichef." palepale wakati anasema, umeshaielewa kabla hujaiandika. Binamu wa mtego huo ni *mal aux reins*. Kwa neno moja moja ni figo, lakini mtu wa kawaida akisema hivyo anashika kiuno.

Hata hivyo angalieni, niliandika pia "moyo?" kwenye mabano. Kifaransa cha Kinshasa si cha Paris, na mgonjwa mwenye presha anaweza kweli kumaanisha moyo. Basi unasema "kichefuchefu", kisha unamwambia daktari: "Mkalimani anaongeza: maneno aliyotumia yanaweza pia kumaanisha moyo. Daktari anaweza kumwomba aonyeshe kwa mkono." Yule mama alipoulizwa alishika tumbo, juu kidogo ya kitovu. Mkono haukalimaniwi.

Tuje kwenye tarakimu, ambazo hazisubiri. Neno la kawaida unaweza kulikumbuka kutokana na mengine yaliyolizunguka. Namba haina jirani wa kuikumbusha. Ikisikika, iandike hapo hapo, hata ukiacha sentensi ikiwa imekatika. Tahadhari moja: waliojifunza Kifaransa cha Ufaransa wamezoea *quatre-vingt-douze*, na mkono wenye haraka huandika 4, au 80, kabla namba haijaisha. Subiri iishe. Mkongo naye, kama Mrundi, atakwambia *nonante-deux*, ambayo ni ileile 92 kwa njia ya Wabelgiji na ni rahisi zaidi, ila inamshtua asiyewahi kuisikia.

Sasa ile 18/11. Wanaosema Kifaransa wamezoea kutaja presha kwa sentimita za zebaki. Sisi tunataja milimita. Kwa hiyo *seize dix* ya Kinshasa ni 160 kwa 100 ya hapa, na *dix-huit onze* ni 180 kwa 110. Duka la dawa la hapa mjini bila shaka walimwambia 180 kwa 110, na yeye akaigeuza kichwani iwe anavyoijua. Je, mkalimani aigeuze tena? Watu wa kazi hii tunabishana. Msimamo wangu ni huu: naitaja kama alivyoitaja, "kumi na nane kwa kumi na moja", halafu nasema waziwazi kwamba mkalimani anafahamisha, kwa hesabu ya Wafaransa hiyo huwa sentimita, sawa na 180 kwa 110. Daktari ndiye anayeamua, na mara nyingi ataagiza presha ipimwe upya, kama yule alivyofanya. Nikiigeuza kimyakimya nami nimesikia vibaya, hakuna atakayejua kosa limeingilia wapi.

Saa je? Hiyo naigeuza bila kuomba ruhusa. *Sept heures du matin* ni saa moja asubuhi, na huo ni usemi tu, hakuna kipimo ndani yake. Ndiyo maana ya ile 7F: saba ya Kifaransa. Vilevile *quinze jours* ni wiki mbili, kama *huit jours* ilivyo wiki moja. Ukisema siku kumi na tano umetafsiri namba ukaacha maana.

Limebaki lile Tt lenye alama ya kuuliza. *Ma tante.* Kifaransa kinaridhika na neno moja, Kiswahili kinataka kujua: dada wa baba au wa mama? Shangazi, mama mkubwa, mama mdogo? Hapa mkalimani mgeni hufanya moja kati ya makosa mawili. Ama anabuni shangazi, ama anasimamisha mazungumzo yote kuuliza ukoo. Kwa habari ile, kwamba kwenye familia kuna aliyepata kiharusi, inatosha kusema "shangazi yangu au mama yangu mdogo, hakufafanua", na kuendelea. Lakini daktari akiwa anajaza historia ya saratani ya titi, upande wa baba na upande wa mama anauandika tofauti, na hapo lazima uulize.

Na ona nimesema "yangu", sikusema "yake". Nazungumza kama mgonjwa: nimeacha, naogopa, miguu yangu. Wapo wanaodhani huu ni ulimbwende tuliojifunza kwa wazungu. Jaribuni kwa nafsi ya tatu: "Anasema alikuwa na presha, aliacha vidonge, akapata kiharusi, anaogopa." Nani aliacha? Nani alipata kiharusi? Kifaransa kingekuwa na *je* huku na *elle* kule. Kiswahili kwa yeyote asiyekuwepo kwenye mazungumzo kina hiyo a- moja tu, ya mwanamume na mwanamke, ya mgonjwa na shangazi yake. Ukisema "naogopa, kwa sababu shangazi yangu aliacha vidonge akapata kiharusi", kila mtu amekaa kwenye kiti chake. Mwanzoni daktari atashtuka ukisema "nimejifungua" na una ndevu. Mwambie kabla ya kuanza, atazoea baada ya sentensi mbili.

Kuhusu kukatiza. Dakika tatu kama hizi, ukiandika kwa namna ile, zinabebeka. Mimi kipimo changu si dakika. Nainua kiganja, chini tu karibu na daftari, kunapokuja orodha: dawa ya pili na ya tatu na dozi zake, au tarehe zinazofuatana. Hizo nazitoa kidogo kidogo, na jina la dawa nisilolijua namwomba mgonjwa anionyeshe pakiti na daktari aisome mwenyewe. Mtu akiwa anasimulia aliyefariki, kiganja changu kinabaki chini hata kama nimefika ukurasa wa tatu.

Karatasi zenyewe, mkimaliza, mnazichana mbele ya mgonjwa na kuziacha hapo hapo kliniki zitupwe pamoja na karatasi zao. Haziendi nyumbani kwenye mfuko wa suruali. Ndiyo, nawajua, na mimi nilikwenda nazo usiku ule. Nilizichoma asubuhi nyuma ya nyumba, kabla ya kwenda kazini.

Basi toeni daftari na kalamu mbili, moja ya akiba. Nitasema Kifaransa kwa dakika mbili, mimi ni mzee wa Bangui mwenye sukari na mguu wenye kidonda. Msiandike mpaka mmesikia wazo la kwanza likaisha. Na huyo aliye karibu na swichi, tafadhali usizime feni.